Steki ya vipande vilivyounganishwa isiliwe ikiwa nyekundu ndani

Wateja wengi hutuuliza kwa nini baadhi ya pakiti zetu za steki zina maandishi "Imeunganishwa kwa vipande, pika mpaka iive kabisa", ilhali steki iliyo jirani yake kwenye kaunta haina onyo lolote. Zote mbili ni nyama ya ng'ombe, zimekatwa kwa unene mmoja, na ukiziweka kwenye sahani moja huenda usizitofautishe. Swali ni la haki, na jibu lake ni refu kidogo kuliko nafasi tuliyo nayo kwenye pakiti.

Tuanze na vipande vyenyewe. Tunaposafisha sarara ili tupate steki nzuri, kuna nyama inayobaki: ule mkia mwembamba wa mwisho, ukanda mrefu unaoambatana na mnofu mkubwa ubavuni, na vipande vinavyoanguka tunaponyoosha kingo. Hii si nyama mbaya. Imetoka kwenye mnofu uleule laini, ila haina umbo la steki. Ukiupika mkia huo peke yake, ncha inakauka kabla sehemu nene haijapata moto. Ndiyo maana viwanda, mahoteli na mabucha hukusanya vipande vya aina hii na kuviunganisha viwe mnofu mmoja unaokatika vizuri.

Kinachoviunganisha ni unga mweupe ambao watu huuita gundi ya nyama. Ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho transglutaminesi. Miili yetu ina vimeng'enya vya jamii hiyohiyo, na kimoja husaidia damu kuganda mtu anapojikata. Kile cha kwenye unga huzalishwa na bakteria wa udongoni wanaokuzwa kiwandani, njia ambayo Wajapani waliigundua mwishoni mwa miaka ya 1980. Kazi yake ni kushika sehemu mbili za protini, moja yenye glutamini na nyingine yenye lisini, na kuzifunga pamoja. Kifungo hicho ni cha kikemia hasa. Hakiyeyuki kikipata moto, na ndiyo maana steki hii haiachani kikaangoni.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Kwanza tunaondoa mafuta yote na ule utando mweupe unaong'aa, kwa sababu kimeng'enya hufunga protini ya nyama na mafuta hayashiki. Kisha vipande vinakaushwa maji ya juu. Kwa kilo 1 ya nyama tunanyunyiza takriban gramu 10 za unga, na sehemu ndogo tu ya gramu hizo ndiyo kimeng'enya; iliyobaki ni vibebaji na protini ya maziwa inayosaidia kushikamanisha. Tunachanganya mpaka kila upande umepata unga na nyama imeanza kunata vidoleni. Baada ya hapo tunavipanga vipande ili nyuzi zote zielekee upande mmoja, tunavifunga kwa plastiki kama gogo, na kulikaza kwa nguvu ili hewa itoke. Mahali hewa ilipobaki hapatashikana. Gogo linalala kwenye friji yenye nyuzi 4 za Selsiasi, na kesho yake linakatwa vipande vya sentimita 2.5. Ukishika kipande kibichi kwa ncha moja na kukining'iniza, hakikatiki.

Kuna anayesikia neno gundi na kudhani sumu iko hapo. Moto ukipanda vya kutosha kimeng'enya kinapoteza nguvu, na mwili unakimeng'enya kama protini nyingine. Wanaopaswa kuwa waangalifu na unga wenyewe ni wenye mzio wa maziwa, kwa ajili ya ile protini niliyoitaja, na tunaomba sana mtu wa namna hiyo atuambie kabla hajanunua. Ipo pia gundi ya aina nyingine, inayotengenezwa kwa protini za kugandisha damu kutoka kwa ng'ombe au nguruwe; Bunge la Ulaya liliikataa mwaka 2010. Anayejali asili ya chakula chake ana haki ya kuuliza ni gundi gani iliyotumika.

Hatari tunayoizungumzia kwenye pakiti haitoki kwenye unga. Inatokana na mahali uso wa nyama ulipoishia.

Ndani ya mnofu mzima wa mnyama mwenye afya, kwa kawaida hamna bakteria. Wanaingia wakati wa kuchinja na kuchuna: kutoka kwenye ngozi, utumbo, kisu, mikono, meza. Wanakaa juu ya uso wa nyama. Ukiweka steki nzima kwenye kikaango cha moto, uso huo unapata joto ambalo bakteria hawa hawalihimili, hata kama katikati nyama bado ni nyekundu na ina nyuzi 52 tu. Kwa hiyo anayependa steki isiyoiva sana anaweza kuila bila wasiwasi mkubwa, mradi pande zote za nje zimepata moto.

Sasa chukua gogo letu lililotengenezwa kwa vipande sita. Tuseme kimoja kati ya hivyo kiligusa ngozi ya ng'ombe wakati wa kuchuna, na bakteria wachache wa E. coli wakabaki juu yake. Kwenye bakuli la kuchanganyia kile kipande kinasuguana na wenzake watano, na huenda vipande hivyo vilitoka kwa ng'ombe tofauti. Kisha vyote vinafungwa pamoja. Uso uliokuwa nje umefunikwa, sasa ni mshono katikati ya gogo. Tunapokata steki tunakata kwa kuvuka gogo, kwa hiyo kila steki inapata mishono inayoshuka wima kutoka uso wa juu mpaka wa chini. Kikaango kinachoma ncha mbili tu za kila mshono. Sehemu ya kati, zaidi ya sentimita 1 kutoka kwenye moto, inabaki na joto lilelile la moyo wa steki.

Mpishi akaikaanga kama alivyozoea, dakika tatu upande mmoja na tatu mwingine. Nje imekuwa kahawia, inanukia vizuri, katikati ni nyuzi 52. Kwa steki nzima kazi ingekuwa imekamilika. Kwa hii, bakteria walio kwenye mshono wako hai, kwa sababu nyuzi 52 kwa dakika chache haziwaui. Na kwa E. coli aina ya O157:H7 hawahitajiki wengi. Inakadiriwa hata chini ya 100 wanaweza kumwangusha mtu. Huleta kuhara damu, na kwa watoto wadogo wanaweza kuharibu figo. Hatutaki mteja wetu afike huko kwa sababu ya chakula cha jioni.

Ndiyo maana tunasema steki hii ipikwe kwa kipimo cha nyama ya kusaga, ambayo nayo imechanganya nje na ndani. Wizara ya Kilimo ya Marekani inataka nyama ya kusaga ifike nyuzi 71 katikati, wakati steki nzima inaruhusiwa nyuzi 63 ikifuatiwa na dakika tatu za kupumzika. Uingereza wanasema nyuzi 70 kwa dakika 2. Shika namba hiyo ya 71 na huna haja ya kukumbuka nyingine.

Rangi isikudanganye. Kuna nyama inayogeuka kahawia kabla haijafika kwenye joto salama, na nyingine inabaki na wekundu hata baada ya kulipita. Tumia kipimajoto cha jikoni. Kichomeke kutoka ubavuni, usichomeke kutoka juu, ili ncha ifike katikati kabisa ya unene. Pima sehemu mbili au tatu, maana mishono haiko mahali pamoja. Anza kwa moto mkali mpaka pande zote mbili zishike rangi, halafu punguza moto, funika, na uache ifike polepole. Sarara haina mafuta mengi, kwa hiyo ikipitiliza sana inakauka. Siagi kidogo au mchuzi kwenye kikaango husaidia. Wenye mashine ya kupikia kwenye maji ya joto linalodhibitiwa wanaweza kutumia joto la chini kwa muda mrefu, yaani nyuzi 60 kwa dakika 45, zikihesabiwa tangu katikati ya nyama ifike nyuzi 60, wala si tangu ilipotumbukizwa majini. Hapo nyama inabaki laini na mishono imepata joto la kutosha.

Utaijuaje nyama ya namna hii ukiikuta kwingine? Angalia nyuzi. Kwenye mnofu mzima nyuzi zinafuata mpangilio mmoja; kwenye iliyounganishwa na fundi mzembe utaona upande mmoja zinalala na mwingine zinasimama, na katikati yake mstari mwembamba usio na mafuta wala utando. Steki zote kwenye trei zikiwa duara na za kipenyo kimoja, uliza. Baada ya kupika, ivute kwa uma: nyama ya kawaida inachanika kwa kufuata nyuzi na kuacha nyuzinyuzi, lakini kwenye mshono inaachana kwa uso laini, bapa. Hata hivyo, iliyounganishwa na fundi stadi haitambuliki ikiwa mbichi, hata sisi wenye kazi hatuwezi kuapa kwa macho tu. Lebo ndiyo ya kutegemea. Marekani na Umoja wa Ulaya, sheria inataka nyama iliyoundwa kwa vipande iandikwe hivyo, na kwa maoni yetu anayeiuza bila kusema, kwa bei ya steki nzima, anamdhulumu mnunuzi mara mbili: kwenye mfuko wake na kwenye afya yake.

Jambo hilohilo linahusu steki zilizolainishwa kwa mashine ya sindano au visu vidogo. Hazikuunganishwa, lakini sindano imesukuma kilichokuwa juu kikaingia ndani, kwa hiyo nazo zipike mpaka ziive.

Ukifika nyumbani, weka pakiti kwenye friji moja kwa moja na uipike ndani ya siku moja au mbili. Ukiikolezea viungo, iache ikolee ndani ya friji, isikae mezani. Kugandisha kunaihifadhi lakini hakuui bakteria, hivyo steki iliyotoka kwenye friza inahitaji nyuzi 71 zilezile, na iyeyushwe kwenye friji usiku kucha. Ikiwekwa kikaangoni huku moyo wake bado ni barafu, nje itaungua kabla mishono ya katikati haijapata joto.