Barua kuhusu kile kitoto cha hadithi yako

Shoga yangu, asalaam aleikum,

Vipi hali, watoto hawajambo? Sisi huku Unguja wazima, joto tu ndo linatutoa roho.

Hadithi yako nimeisoma yote, na kwa vile ulisema nisikuonee haya basi ntakwambia kama ninavyoona. Ile safari ya Jang'ombe ndo roho ya hadithi, usiiguse. Mtoto wa miaka 7 kachukuliwa na babake Ijumaa baada ya sala, wanaingia nyumba asiyoijua, baba hapigi hodi, anapita moja kwa moja anachota maji mtungini anakunywa, na uwani kikoi chake cha buluu kimeanikwa. Yule bibi anampa mtoto visheti. Na mtoto wako anakata shauri kuwa huyu ndo dobi wa baba! Nlicheka peke yangu halafu kicheko kikanikauka. Mana mtoto hajasema uongo hata kidogo, kila alichokiona kipo, na hesabu yake imesimama sawa kwa anachokijua yeye: nguo ya baba iko kwa mtu, basi mtu huyo anafua. Mie nnajua kitu kimoja tu zaidi yake, kuwa mwanamme haendi mtungini bila kuuliza mpaka awe kwake. Wewe hujaandika popote kuwa baba kaoa mke wa pili lakini mie nshalisikia, na kinaya chote kiko hapo, kati ya jibu lake na langu.

Sasa ukaja ukaiharibu kwenye chakula cha usiku. Umeandika "niliona machoni mwa mama uchungu wa mwanamke aliyesalitiwa". Nani kaona hayo? Si yeye, ni wewe umeingia ndani ya kanga yake unasema. Mtoto wa umri ule anaona mchuzi umezidi chumvi, anaona mama kamuuliza swali lile lile mara mbili wakati keshajibu, na kinachomuuma yeye ni chumvi. Basi mwache alalamikie chumvi, sie tutajua mama yuko wapi. Na ule mstari wa "baadaye nilipokua ndo nikaelewa" ufute kabisa. Mtu mzima anaweza kusimulia utoto wake, hilo halina ubaya, ila hapo wanakuwa watu wawili kwenye mdomo mmoja na inabidi uwajenge wote wawili tokea mwanzo, huwezi kumleta mkubwa mara moja tu ukurasa wa nne aje atufafanulie kisha aondoke.

Umeisoma Peponi ya Gurnah? Ile Paradise ya 1994, Ida Hadjivayanis kaitia Kiswahili. Yusuf ana miaka 12, anaondoka kwao na tajiri Aziz akiamini ni ami yake na kuwa anakwenda safari tu, kumbe babake ana deni na yeye ndo rehani. Mwenyewe hasimulii kwa "mimi", lakini msimulizi kakaa karibu naye mno mpaka tunaona kwa macho yake, kwa hiyo usidhani lazima mtoto ashike kalamu. Lakini mie kilichonishika zaidi ni kuwa Gurnah hakukibana kile kitu mpaka mwisho. Mapema tu Khalil wa dukani anampasulia kuwa yule si ami yako. Basi toka hapo husomi tena ili ujue siri, unasoma uone kijana atafanya nini na aliyoyajua.

Wako yeye hajui mpaka mwisho na ni sawa, ila msomaji keshajua pale mtungini, na baada ya hapo umempa kurasa sita za skuli na chuoni hazina kazi, anakusubiri wewe tu. Mpe kitu cha kuogopa. Mtoto kapewa visheti bwana, na mtoto akipewa kitu kitamu lazima ajisifu! Fanya kila siku awe karibu kumwambia mama, mara wageni waingie, mara alale, na sie huku tunamwombea anyamaze na yeye hajui kama kuna cha kunyamazia. Halafu aseme. Mama aulize "dobi gani?" na yeye aeleze kwa furaha zote, mpaka rangi ya kikoi. Usituandikie kuwa mama kalia, tafadhali.

Ukimaliza mpe wifi yako asome, yule msema kweli, muulize kitu kimoja tu, yule bibi wa Jang'ombe ni nani na kajulia wapi. Akikwambia kajua kabla ya mtungi basi umesema sana. Akisema ni dobi kweli, ongeza kiatu cha baba mlangoni.

Nisalimie mama na wote hapo Wete. Nijibu upesi.

Shoga yako