Kabla hujaandika neno "takatifu"

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na rasimu ya maelezo ya jengo la ibada nimeisoma mara mbili. Niwie radhi nikikuambia kwamba baada ya kurasa tatu bado sijui mlango uko upande gani. Najua tu kwamba mahali hapo "panatisha kwa utukufu". Huo ni ushahidi kuhusu wewe. Kuhusu jengo, bado hujaniambia kitu.

Sikucheki, maana nami nimepita huko huko. Mara ya kwanza niliandika juu ya "giza la makusudi linaloalika unyenyekevu" katika kanisa moja. Niliporudi wiki ya pili, kulikuwa na mwanga tele: taa mbili zilikuwa zimeungua, zikabadilishwa. Tangu siku hiyo naligawa daftari kwa mstari wa wima. Kushoto naandika kile ambacho mtu yeyote angekiona, akakipima au akakihesabu. Kulia naandika ninachokidhania. Kulia hapaandikwi kitu mpaka kushoto pajae.

Anza nje, na dira na futi. Chukua mwelekeo wa jengo ukiwa hatua kadhaa kutoka ukutani, kwa sababu nondo za ndani ya zege huivuta sindano. Kisha ingia kama wanavyoingia waumini, uandike kwa mpangilio wa mwili: unavua viatu wapi, unainama wapi, unaona nini kwanza, kitu gani kinakulazimisha ukizunguke. Mwisho uchore ramani, hata kama mkono wako ni mbaya kama wangu.

Faida ya kazi hii utaiona Aya Sofia kule Istanbuli. Kanisa lilikamilika mwaka 537, likafanywa msikiti mwaka 1453. Simama katikati utazame mbele, ule upande ulioishia kwa ukuta wa nusu duara, palipokuwa na altare. Jengo lenyewe limepangwa sawasawa kulia na kushoto, ila si mihrabu, kile kidaka kinachoonyesha upande wa Makka. Imesogea kuliani na kugeuka kidogo, na jukwaa lililo mbele yake limekaa mshazari. Mtu anayeandika kwa hisia ataipita, au aseme fundi alikosea. Aliyeshika dira ataona kwamba jengo linatazama mashariki likiegemea kusini, na kwamba Makka iko kusini zaidi ya hapo. Kuta hazikuweza kugeuzwa, basi waumini wakageuka ndani ya kuta. Upogo ule ndio ushahidi wenyewe: mwelekeo mmoja wa ibada umelazwa juu ya mwingine, na yote miwili bado inasomeka.

Kwa vyombo vya ibada, nauliza mambo yale yale kila mara: kimetengenezwa kwa nini, kina ukubwa gani, kiko wapi, kimechakaa sehemu gani, kimewahi kukarabatiwa au kuhamishwa? Ukubwa watu huusahau. Humo Aya Sofia mna mbao nane za mviringo zenye majina ya Allah, Mtume, makhalifa wanne, na Hasan na Husein. Kila moja ina upana wa takriban mita 7.5. Ziliwekwa wakati wa ukarabati wa 1847 hadi 1849. Jengo lilipofanywa jumba la makumbusho miaka ya 1930 ziliteremshwa, lakini milangoni hazikupita. Zikabaki humo humo zimeegemezwa, na mwaka 1949 zikapandishwa tena. Ukiandika tu "maandishi mazuri ya Kiarabu", kisa chote hicho kimekuponyoka. Ukiandika upana wa ubao na upana wa mlango, utajiuliza mwenyewe ubao ulipitaje.

Jihadhari na uchakavu, nao hudanganya. Kizingiti kilicholika katikati kinakuambia miguu ilipita, hakikuambii ilipita kwa imani au kwa kukwepa mvua. Sehemu inayong'aa kwenye nguzo huenda imeshikwa na waombaji, huenda pia imeegemewa na mabega ya wazee wanaochoka. Njia ninayoiamini ni kukaa ndani ya ibada nzima, kisha saa moja pakiwa patupu, halafu kumuuliza anayefagia. Yeye ndiye anayejua pazia lipi hufungwa Ijumaa tu au kiti kipi hakikaliwi. Usimuulize "kina maana gani?" Utapewa hotuba. Muulize "kikivunjika mnakipeleka wapi?" Kinachotupwa jalalani na kinachozikwa au kuchomwa kwa heshima ni vitu viwili tofauti, hata vikiwa vya mti mmoja.

Rudi basi, uanze na mlango. Na ile sentensi ya utukufu usiifute, ihamishie kulia.

Wako wa siku zote.