Chungu kikubwa kiweke kando kwanza

Mwanaidi shoga yangu,

Salamu nyingi, pamoja na wa nyumbani wote. Picha ya ua lako la ZZ nimeitazama vizuri, na umeniuliza kama ulihamishie kwenye chungu kikubwa. Chungu hicho cha plastiki kilichobetuka ubavu mmoja hakikuharibiwa na jua, kinasukumwa na viazi vya ua kutoka ndani. ZZ ni mmea wa huku kwetu, huota wenyewe tangu Kenya kushuka hadi Afrika Kusini, na viazi hivyo ndivyo ghala lake la maji wakati wa kiangazi. Ndiyo maana majani yako bado yanang'aa wakati chungu kinakaribia kupasuka.

Usihukumu kwa mzizi mmoja uliochungulia kwenye tundu la chini, maana huo unafuata unyevu tu. Tazama unapomwagilia. Maji yakishuka mara moja na kujaa kwenye kisahani, huku chungu ukikiinua bado ni chepesi, huenda mizizi imekula nafasi ya udongo. Nasema huenda, kwa sababu udongo uliokauka sana nao hujitenga na ukuta wa chungu na kupitisha maji vivyo hivyo. Wa kukata shauri ni macho: laza chungu, minyaminya pande zake, kisha sogeza bonge la udongo nje kidogo. Ukikuta mizizi imejiviringa chini kama kata ya mbeba maji na udongo hauonekani, wakati wa kuhamisha umefika.

Sasa hicho cha sentimita 30 ulichokwisha kukinunua. Cha sasa umeniambia kina sentimita 15 mdomoni. Ukiongeza upana na kina mara mbili, udongo unaongezeka mara 8, shoga, si mara mbili. Mizizi haiwezi kunywa maji ya udongo wote huo, kwa hiyo sehemu isiyofikiwa inakaa na unyevu majuma na majuma, na viazi vinaoza ukidhani unaviburudisha. Tafuta cha sentimita 18, ukikosa kabisa 20, chenye matundu chini. Kisizidi sana kina cha zamani, maana viazi vya ZZ hutanuka kwa upana. Kile kikubwa kipandie mwanzi au kitu kingine kinachopenda maji.

Siku mbili kabla ya kuhamisha, mwagilia kiasi. Udongo mkavu hubomoka na kukatika na mizizi, na wa tope huwa mzito ukairarua. Vaa glavu, utomvu wake unawasha. Usivute kwa mashina, maana yanachomoka kwenye viazi na kukubakia mkononi. Weka kiganja juu ya udongo, mashina yapite kati ya vidole, pindua chungu, gonga kitako. Bonge likigoma, pitisha kisu kwenye ukuta wa ndani. Likigoma tena, kata chungu chenyewe. Kimeshabetuka hata hivyo, na plastiki ni rahisi kuliko mizizi.

Ile kata ya chini ifungue kwa vidole, taratibu, kama unayefumua nywele za mtoto. Mizizi iliyojisokota isiyofumuka, ikate sehemu mbili tatu kwa kisu safi, vinginevyo itaendelea kuzunguka palepale hata ndani ya chungu kipya. Udongo uliong'ang'ania katikati uache. Kuusuuza wote kunakata vile vizizi vyembamba vinavyonyonya maji.

Changanya mboji mikono miwili, mchanga mnene wa mto mkono mmoja, na vipande vya mkaa vya ukubwa wa punje ya mahindi mkono mmoja. Kokoto chini usiweke, najua kila mtu huweka. Maji hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ulowe chepechepe, kwa hiyo unachofanya ni kusogeza tope karibu na mizizi. Tandika mchanganyiko chini hadi uso wa bonge ukae sentimita 2 chini ya mdomo, kisha jaza pembeni. Gonga chungu mezani ili udongo ujipange. Usishindilie kwa ngumi, mizizi inahitaji hewa. Viazi vikae kwenye kina kilekile cha mwanzo.

Kama kuna kiazi kilichojeruhiwa, ngoja siku 5 hadi 7 kidonda kikauke ndipo umwagilie. Kama vyote ni vizima, mwagilia mara moja, kisha usirudie mpaka udongo ukauke hadi chini. Mbolea isubiri mwezi na nusu.

Jani moja mawili ya chini yakigeuka manjano, yaache yaanguke. Lakini shina likilegea penye udongo na kunuka, usiongeze maji hata tone. Toa ua siku hiyohiyo, kata kila kiazi kinachobonyea mpaka ufikie nyama ngumu, acha vikauke, na safari hiyo urudishe kwenye chungu kidogo zaidi.

Niandikie ukishalichomoa, uniambie umekuta viazi vingapi.

Wako,
Zuhura