Hesabu ya bainari opsheni humwumiza mteja

Mhariri,

Naandika kuhusu tovuti za bainari opsheni, ambazo humtaka mteja abashiri kama bei ya sarafu au dhahabu itapanda au itashuka ndani ya dakika chache. Vijana wetu wengi wanaamini kwamba wanaopoteza hawajajifunza kusoma chati, ilhali tatizo limo katika malipo yenyewe. Tuseme tovuti hulipa faida ya asilimia 80. Ukiweka shilingi 10,000 na kupatia, unapata faida ya 8,000; ukikosea, 10,000 zote zinakwenda. Mtu akibashiri mara 100 na kupatia nusu, atapata faida ya 400,000 na kupoteza 500,000, yaani atatoka na hasara ya laki moja. Ili asipate hasara, lazima apatie takriban mara 56 katika kila 100, na katika muda wa dakika moja au mbili bei hupanda na kushuka karibu kwa bahati tu. Tena, mara nyingi kampuni yenyewe ndiyo inayoshindana na mteja, kwa hiyo hasara yake ndiyo mapato yao.

Israeli ilipiga marufuku biashara hii mwaka 2017, na Uingereza ikaizuia kwa wateja wa kawaida mwaka 2019. Naiomba Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Uganda ifanye vivyo hivyo, na ishirikiane na kampuni za simu kufunga njia za kutuma pesa kwenye tovuti hizo.

Msomaji,
Kampala