Barua kwa mhariri: Maji ya rangi ya chungwa siyo lazima yawe ya mgodi, na maji maangavu siyo lazima yawe salama

Mhariri, salaam kutoka Chumbageni.

Wiki chache zilizopita mlitoa picha ya kijito cha rangi ya chungwa huko upande wa Handeni, chini ya maduara, yaani mashimo ya zamani ya kuchimbia dhahabu, mkaandika chini yake kwamba hiyo ni sumu ya mgodi. Basi picha ikazunguka kwenye grupu zote za wasap, mpaka mpwa wangu anayeishi jirani na pale akanipigia simu usiku, mjomba wewe si ulikuwa unapima maji, hebu njoo uone. Kweli nimefanya kazi ya kupima maji miaka mingi kabla sijastaafu, nikapanda basi asubuhi na kiboksi cha karatasi za pH za kupimia asidi, ambazo 7 ni maji yasiyo na asidi na namba ikishuka ndivyo asidi inavyozidi, na chupa mbili za maji ya Kilimanjaro tupu mfukoni. Naandika kwa sababu mmepiga picha kijito ambacho siyo, na kile chenye shida kiko hatua kama mia mbili kutoka pale, watu wanachota maji wala hawana habari.

Nianze na hicho cha picha. Ni kweli kina rangi ya chungwa iliyokolea, na kuna utelezi kama makamasi umeshika majani, na juu kuna utando unaong'aa rangi rangi kama mafuta ya taa. Watu wakiona ule utando wanasema oili ya mashine. Nikaokota kijiti nikaugusa, ukapasuka vipande vipande kama kioo na vile vipande vikabaki vimetengana. Mafuta hayafanyi hivyo, mafuta ukiyatenganisha na kijiti yanarudi kujiunga palepale. Huo ni utando wa vibakteria vinavyokula chuma, vinaishi popote maji ya chini yenye chuma yanapotokeza kwenye hewa, hata kwenye mtaro wa shamba ambako hakujawahi kuwa na mgodi tangu dunia iumbwe. Karatasi ikasoma kati ya 6 na 7. Nikageuza jiwe, chini yake viluwiluwi wa wadudu wanakimbia, na kaa wa mtoni mmoja akanitishia magando. Maji ya kunywa siyo, ila siyo asidi.

Sasa mpwa wangu akanipeleka kwenye duara la zamani, lile lililoachwa siku nyingi na limejaa maji, kuna tundu pembeni kwenye mteremko maji yanatoka polepole. Maangavu kabisa, unaona mchanga chini. Akina mama wameweka kipande cha bomba pale wanakinga ndoo, mmoja akaniambia haya ndiyo mazuri baba, yale ya chini ndiyo machafu. Karatasi ikasoma 6. Mtu mwingine angeishia hapo akarudi zake nyumbani, hata mimi zamani ningeishia hapo, nakiri, nilishawahi kuandika 6 kwenye fomu kwa maji ya namna hii na bosi wa ofisi yetu akapiga muhuri bila kuuliza na wala hakuna aliyerudi tena kule.

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Kwenye miamba ya dhahabu mara nyingi kuna pairaiti, lile jiwe linalometameta ambalo mchimbaji mgeni hulidhania dhahabu. Pairaiti ni chuma na salfa vimeshikana. Likiwa limefukiwa ardhini halina neno, likichimbuliwa likapata hewa na maji linaanza kuoza, salfa inageuka asidi, ileile jamii ya asidi ya betri ya gari, na chuma kinayeyuka kwenye maji. Chuma kikiwa kimeyeyuka chini kule kusikofika hewa hakina rangi, yaani maji yanaweza kubeba chuma kibao na ukayaona kama ya mvua. Yakitoka nje yakakutana na hewa chuma kinageuka kutu, na kwenye kugeuka kutu huko kinatoa asidi nyingine mpya. Kwa hiyo maji yanayotoka tunduni yana 6 lakini ndani yake yamebeba asidi ambayo bado haijazaliwa.

Namna ya kujua ni rahisi, haitaki maabara. Nilijaza chupa nusu, nikaitikisa ipate hewa, nikaiacha wazi dirishani kwangu. Kesho yake yale maji maangavu yalikuwa yameshakuwa kama chai ya maziwa iliyochujwa vibaya, na chini kumetuama vumbi la kutu. Karatasi ikasoma 5. Baada ya hapo ikawa kama imesimama, maana maji yakishaanza kuwa makali kutu yenyewe inajitengeneza taratibu sana, lakini siku ya kumi nikapima tena nikakuta 3. Hapo kazi imeshachukuliwa na vibakteria vingine, siyo wale wa utando, hawa wanapenda asidi, na ndiyo maana mgodi ukishaanza kuchacha hauachi wenyewe. Kutoka 6 hadi 3 msione ni tarakimu tatu tu, kila namba moja ni mara kumi, kwa hiyo ni asidi mara elfu. Chupa ya kijito cha picha yenu niliiweka hapohapo pembeni, nayo ilituama kutu kidogo lakini namba haikushuka.

Siku ileile niliyokwenda, niliteremka na yale maji ya tunduni kufuata yanakokwenda. Mita chache za kwanza maangavu, halafu rangi inaanza, halafu mawe yote yamevikwa koti la kutu limeganda kama saruji, ukigeuza jiwe chini hakuna kitu. Hakuna mdudu, hakuna konokono, hakuna kaa. Siyo asidi peke yake inayowamaliza, lile koti linaziba kila upenyo ambamo mdudu angejificha na mwani wa kula hauoti, na mdudu asipokuwepo samaki anakula nini.

Halafu kuna kitu sijawahi kuona mtu anakisema. Kule chini, kijito hiki kinapoingia kwenye mto mkubwa zaidi wenye maji mazuri, rangi ya chungwa inaisha na yanaanza maji yenye ukungu mweupe kama umesuuzia kikombe cha maziwa. Mpwa wangu akasema hapa ndipo yanaposafika. Hapana. Maji ya asidi yakipita kwenye udongo wa mfinyanzi yanaunyonya aluminiamu, na yakichanganyika na maji mazuri namba ikapanda kufika kama 5 ile aluminiamu haiwezi tena kuyeyuka, inaganda. Na inapoganda huku samaki anapumua, inagandia kwenye mashavu yake, anatoa ute mwingi na anashindwa kupumua na chumvi ya mwili wake inavuja. Kwa hiyo samaki anaweza kufa pale maji yanapoonekana yanapona, kuliko hata kule juu ambako alishahama zamani. Wavuvi wa pale waliniambia kambale wanaonekana bado lakini perege wamekwisha, na mimi nawaamini, kambale anavumilia shida nyingi.

Wapo waliosema kwenye grupu, jamani Tanga tumejaaliwa mawe ya chokaa, kuanzia Amboni huko mpaka Pongwe, si tumwage malori mawili tumalize? Wazo siyo baya, chokaa kweli inaua asidi, ila hesabu yake ifanyeni. Kila gramu moja ya chuma kilichoyeyuka inataka gramu 1.8 hivi za mawe ya chokaa. Chukulia tundu linatoa lita moja kwa sekunde, yaani ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 20, na kila lita ina miligramu 100 za chuma. Kwa siku ni kilo 8.6 za chuma, zinazotaka kilo 15 na nusu za chokaa, kila siku, mwaka mzima karibu tani 6, na hiyo ni endapo kila punje ya jiwe inafanya kazi. Haifanyi. Ukimwaga mawe kwenye maji yenye chuma na hewa, lile koti la kutu linayavika mawe yenyewe, ndani chokaa ipo nzima lakini maji hayaifikii vizuri tena. Nimejaribu kwenye hiyohiyo chupa, nikatia kipande cha jiwe, baada ya siku chache kimekuwa cha rangi ya chungwa na namba imesogea kidogo tu. Wenzetu wanaofanikiwa wanafukia mawe kwenye mtaro uliozibwa hewa isiingie, maji yapite humo kwanza chuma kikiwa bado kimeyeyuka, ndipo yatoke kwenye bwawa kutu ituame huko. Yaani jiwe lishike maji kabla hewa haijayashika.

Na msidhani mgodi ukifungwa mambo yameisha. Kule Cornwall, Uingereza, mgodi wa bati wa Wheal Jane ulifungwa 1991, pampu zikazimwa, maji yakapanda ndani yakiyeyusha chumvi zote za asidi zilizokuwa zimejikusanya ukutani. Januari 1992 kizibo cha njia ya kutolea maji kikaachia, karibu lita milioni 50 zikamwagika mto Carnon mpaka kwenye ghuba ya Fal, bahari ikawa ya chungwa. Ile rangi iliondoka, lakini mtambo wa kutibu kwa chokaa uliojengwa pale mwaka 2000 bado unahitajika. Duara letu ni dogo sana ukilinganisha, ila mambo yanayotokea ndani ni yaleyale, na yanakuwa mabaya zaidi mvua za kwanza za vuli, maana kiangazi chote zile chumvi nyeupe na za manjano zinakuwa zimejikusanya juu ya magwangala, yale mabaki ya mawe yaliyochimbuliwa, mvua ya kwanza inazisuuza zote kwa mpigo. Mkitaka kupima, pimeni siku hiyo.

Kwa hiyo naomba mrekebishe maelezo ya ile picha, na mkitaka picha ya kweli nendeni pale kwenye bomba la akina mama, mkawaambie wasikinge pale. Mimi nimewaambia, wakacheka, wakasema mzee maji haya unaona hata senti ikidondoka. Chupa zote mbili bado ziko dirishani kwangu zina tarehe, ila mje mapema, mke wangu ameshaniuliza mara mbili ile chai ya nani.

Mstaafu, Chumbageni, Tanga