Barua kwa mwanangu Neema: zile jumbe tisa za Jumanne usiku

Hombolo, Dodoma

Mwanangu Neema,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia. Naandika kwenye karatasi, na kaka yako atakufikishia kabla hujapanda basi la Songea siku ya Jumamosi, kwa sababu sitaki neno hili lipite tena kwenye simu.

Jumanne usiku nilikuwa nimezima data ili kifurushi kisiishe. Nilipowasha asubuhi, jumbe zako tisa ziliingia kwa mkupuo, na kwa kuwa simu huonyesha kwanza ule wa mwisho, nilianza kusoma neno moja tu: "Sawa". Mtu akianzia hapo, hata zile nane zilizotangulia huzisoma kama matusi. Niliweka simu chini, nikaenda kupogoa mizabibu, kisha nikarudi kuzisoma upya nikifuata saa zilizoandikwa pembeni.

Tano za kwanza zimeandikwa kati ya saa 3:02 na saa 3:03. "Baba". "Mbuzi wangu". "umeuza?" "Kweli baba". "nimeambiwa na kaka". Nimeziunganisha kwenye daftari zikawa sentensi mbili za kawaida za mtoto anayemuuliza baba yake jambo. Wewe unapobonyeza kutuma ndipo mimi ningeweka mkato. Hata siku ulipopata kazi uliandika hivyo hivyo, "Baba", "nimepata", "baba", "nimepata kazi", na siku ile hatukusema umekasirika. Kwa hiyo vipande vyenyewe sivihesabu kuwa hasira. Ni namna yako ya kushika zamu ya kusema, mwenzako asidakie kabla hujamaliza.

Nilipokuwa posta tulipokea simu za maandishi, zile telegramu, ambazo mteja alilipia kwa kila neno. Nilikuwa nahesabu maneno kwa ncha ya penseli, na mtu akisikia bei alifuta salamu kwanza. "Mama mgonjwa njoo" haikuwa amri ya mtu mwenye kiburi, bali ya mtu asiye na fedha ya neno la nne. Wewe hulipii neno, mwanangu, ndiyo maana kukosekana kwa shikamoo kuliniuma.

Hasira nimeiona kwingine, baada ya tano zile. Ulinyamaza dakika 38, halafu saa 3:41 ukaandika "Baba" na mara hiyo hiyo alama mbili za kuuliza. Hapo hukuwa ukiendeleza sentensi; ulikuwa unagonga mlango uleule mara ya pili. Bila shaka uliona tiki moja tu, na tiki moja haisemi kama simu imezimwa, mtandao hakuna, au mtu amekuzuia. Ulichagua kuamini lililo baya zaidi, kwamba nimekuzuia, na hilo hukupaswa kumdhania baba yako.

Saa 3:58 ulituma ujumbe ukaufuta. Kwangu yamebaki maelezo tu kwamba ujumbe umefutwa. Dakika moja baadaye likaja "Sawa", bila "Baba" mbele yake, nawe huandiki bila kuniita. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Uliandika nini saa 3:58? Yawezekana ulikosea herufi tu, maana alama ya kufuta haisemi kilichokuwamo, lakini aliyekosea herufi huandika tena neno lilelile, nawe hukuandika tena. Kama ulisema huji tena nyumbani, niambie, nilisome.

Nami nilikujibu "Nimeona." nikaweka nukta, kwa kuwa nilifundishwa kwamba sentensi huishia kwenye nukta. Kaka yako anasema ninyi vijana mkiona nukta baada ya neno moja mnaona mlango umefungwa. Sikuwa nafunga mlango. Ila ningeweza kukupigia, na sikupiga hadi Alhamisi, kwa sababu sikuwa na jibu zuri kuhusu mbuzi.

Mbuzi wawili niliwauza kweli. Paa la jiko la mama yako lilikuwa linavuja, nami nikadhani ningewarudisha kabla hujauliza. Yule jike mwenye doa jeupe hakuuzwa, na ana mimba.

Mama yako anasema Songea kuna baridi, hivyo blanketi la kijani limo kwenye furushi pamoja na mlenda mkavu na ubuyu. Usiuache mlenda kwenye basi kama mwaka jana. Ukifika, andika, hata kwa vipande ishirini, nami nitaacha data wazi usiku kucha. Lakini anza na ule wa saa 3:58.

Baba yako