Bafu la wageni halitumiki halafu linanuka? Angalia maji kwanza

Kuna mama alitupigia simu, bafu la wageni linanuka kama mayai viza, na ameshaita gari la kunyonya maji taka akijua shimo limejaa. Tukamuuliza, mama, bafu hilo mara ya mwisho limetumika lini? Akasema tangu wageni wa sikukuu waondoke, kama miezi miwili hivi. Basi tukamwambia chukua lita mbili za maji, mwaga taratibu kwenye tundu la sakafuni, fungua dirisha, subiri. Jioni akatuma meseji harufu hakuna.

Iko hivi. Chini ya lile tundu paipu haishuki moja kwa moja kwenda shimoni, inapinda kama herufi U kisha ndiyo inaendelea. Ukimwaga maji, mapya yanasukuma ya zamani mbele, na ya mwisho yanabaki yamekaa kwenye mpindo, kimo chake kwa kawaida kama sentimita 5. Hayo maji machafu unayoona hayana kazi ndiyo mlango wenyewe, hewa ya shimoni ikipanda inakuta njia imezibwa na maji, inatafuta pa kutokea kwingine, yaani ile paipu ya hewa inayopanda juu ya paa.

Sasa usipooga humo wiki kadhaa, yale maji yanakauka kidogo kidogo, na joto letu hili la Dar na feni ya bafuni inayovuta hewa ndiyo kabisa. Yakishuka chini ya ule ukingo wa ndani wa mpindo, hata kama chini yamebaki kidogo, hewa inapita juu yake na harufu inaingia ndani. Mulika na tochi ya simu: usipoona maji yanang'aa, U imekauka.

Halafu hii inachekesha, watu wengi wanamwaga dawa ya choo na maji ndoo nzima, harufu inaisha wanasifia dawa, kumbe ni maji tu!

Kama bafu litakaa muda mrefu, baada ya kujaza maji weka vijiko viwili vitatu vya mafuta ya kula, yanaelea juu na kupunguza kukauka.

Ila ukijaza leo na keshokutwa pamekauka tena, hapo si joto. Tulikuta nyumba moja uzi wa mopu umenasa, nusu uko kwenye maji, nusu unaning'inia upande wa pili wa paipu, unanyonya maji kama utambi wa koroboi tone kwa tone. Tukauvuta, kwisha habari. Pengine U imepasuka, au paipu ya hewa haipo kabisa, hivyo choo kikiflashiwa maji ya U yananyonywa, unasikia glu glu glu kwenye tundu. Ukisikia hivyo usiendelee kumwaga maji, tuite tuje tuangalie.